Sekunde Saba za Kusubiri Tokeni

Mfumo wa kompyuta ukizimika kabisa, kila mtu anajua. Simu zinapigwa, wakubwa wanaamka, na mafundi wanafahamu pa kuanzia. Kazi ngumu zaidi ni ya mfumo ulio hai lakini mzito. Ukurasa unafunguka, kitufe kinabonyezeka, kisha duara dogo linazunguka bila kusimama. Mteja aliyenunua umeme hajui kama pesa zake zimekwenda au bado ziko kwenye simu. Anabonyeza tena, na jirani yake naye anabonyeza tena, na mfumo uliokuwa umechoka unaongezewa mzigo wa watu walewale mara mbili.

Kuna wahandisi ambao kazi yao ya kila siku ni kusaka sekunde hizo zilizopotea. Fani yao, ya uthabiti wa mifumo, ilianza kupata sura katika kampuni ya Google mwaka 2003, pale Ben Treynor Sloss alipopewa kikundi kidogo cha waandishi wa programu akakikabidhi uendeshaji wa mitambo. Leo fani hiyo ipo popote penye benki ya simu, duka la mtandaoni au ofisi ya kodi. Mkononi wana vyanzo vitatu vya habari. Cha kwanza ni vipimo, yaani namba zinazokusanywa kila baada ya sekunde chache na kuchorwa kama mistari ya grafu. Cha pili ni logi, yaani sentensi ambazo programu huandika kila inapofanya jambo. Cha tatu ni nyayo, ambazo hufuata ombi moja la mteja mmoja kutoka seva hadi seva. Ustadi uko katika kujua ni kipi kinaulizwa swali gani, na kwa mpangilio upi.

Ili jambo hili lionekane, tuchukue mfano wa kubuni, ila sehemu zake zote ni za aina inayotokea kila mwaka katika kampuni nyingi. Kuna huduma inayouza tokeni za umeme kupitia programu ya simu. Ina seva nne zinazopokea wateja, hifadhidata moja ya PostgreSQL, na mkataba na kampuni ya nje inayotuma ujumbe mfupi wenye zile tarakimu 20 za tokeni. Saa za jioni kila seva hupokea maombi 200 kwa sekunde. Kati ya hayo, 190 ni ya watu wanaotazama bei au manunuzi yao ya nyuma, na majibu yake hutoka kwenye kache bila kuigusa hifadhidata. Maombi 10 yaliyobaki ndiyo ya kununua.

Saa 1:20 usiku, wateja wanaanza kulalamika kwamba tokeni haziji.

Mhandisi wa zamu anafungua grafu ya wastani wa muda wa majibu. Kawaida wastani huo ni kama sekunde 0.12. Sasa ni sekunde 0.45. Umepanda, ndiyo, lakini bado hauifikii nusu sekunde, na kengele iliyotegwa ilie wastani ukipita nusu sekunde haijalia. Akiishia hapo, ataandika kwamba mfumo umepungua kasi kidogo tu, arudi kula.

Wastani umemficha ukweli, na hesabu yake ni rahisi. Katika kila maombi 100, yale 95 ya kutazama yanachukua sekunde 0.1 kila moja, jumla sekunde 9.5. Yale matano ya kununua yanachukua takriban sekunde 7 kila moja, jumla 35. Ukijumlisha unapata 44.5, na ukigawanya kwa 100 unapata 0.445. Hakuna mteja hata mmoja aliyesubiri muda huo. Wengi wamehudumiwa upesi kama siku zote, na wachache wameteseka vibaya, na wachache hao ndio waliokuwa wanatoa pesa. Ndiyo sababu wahandisi hawa hupenda kutazama mkia wa msururu badala ya katikati yake. Kwenye dashibodi zao kuna mstari unaoitwa p99, yaani muda ambao maombi 99 katika kila 100 hayauvuki. Katika mfano wetu mstari huo uliruka kutoka sekunde 0.4 hadi 7.5 katika dakika moja, huku p50, mteja wa katikati, akibaki pale pale kwenye sekunde 0.1.

Hatua inayofuata ni kukata namba hizo vipande. Mhandisi anagawa muda kwa aina ya ombi, na papo hapo anaona kwamba kutazama bei kuko sawa na kununua pekee ndiko kumevimba. Anagawa kwa seva, na zote nne zinafanana, kwa hiyo si mashine moja iliyoharibika. Anatazama wingi wa maombi, haujaongezeka. Anatazama makosa, yamefika asilimia 1.3 ya maombi yote, namba inayoonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba yote yako kwenye kununua, ambako maana yake ni kwamba zaidi ya mnunuzi mmoja katika kila wanne anakataliwa.

Hapa kuna mtego mdogo ambao umewapotezea watu wengi wa Afrika Mashariki muda wa thamani. Mteja anasema tatizo lilianza saa 1:20 usiku. Dashibodi ya ofisini inaandika 19:20. Seva, ambazo kwa desturi hufuata saa ya kimataifa ya UTC, zinaandika 16:20. Ni dakika ileile. Anayetafuta logi za 19:20 kwenye seva hapati kitu, au katika uchunguzi wa kesho yake anasoma mambo yaliyotokea saa tatu baadaye, kisha anajenga nadharia nzima juu yake. Timu makini huweka sheria moja ya saa ya kutumia kwenye mazungumzo ya dharura, na huiandika juu kabisa ya ukurasa wa tukio.

Kisha kuna kipimo cha kazi ya prosesa, ambacho ndicho cha kwanza watu wengi kukitazama. Katika mfano wetu kinaonyesha kwamba seva zimepumzika, tena kuliko kawaida, na hifadhidata nayo iko kwenye asilimia 15 tu. Mgeni wa fani atasema mitambo ni mizima. Mzoefu atashtuka, kwa sababu seva isiyofanya kazi wakati wateja wamejaa mlangoni ni seva inayosubiri kitu.

Kosa la kusoma kipimo hicho vibaya liliwahi kuitesa kampuni kubwa. Tarehe 4 Januari 2021, siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu, huduma ya mawasiliano ya ofisini ya Slack ililemewa. Chanzo kilikuwa kwenye mtandao wa Amazon ambao Slack ilikodi: kiungo kilichounganisha sehemu zake hakikuongezeka ukubwa haraka vya kutosha kwa wimbi la watu waliorudi kazini, na vifurushi vya data vikaanza kupotea njiani. Seva za Slack zikawa zinasubiri majibu, na zilipokuwa zinasubiri, kazi ya prosesa ilishuka. Mtambo wa kujirekebisha ukaona prosesa zimelala, ukahesabu kwamba seva ni nyingi mno, ukaanza kuzipunguza. Baadaye kipimo kingine kikaonyesha kinyume, na mtambo uleule ukajaribu kuongeza seva 1,200 katika dakika zisizozidi 15, kazi iliyoilemea huduma yenyewe ya kuandaa seva mpya. Na katikati ya hayo yote dashibodi za wahandisi hazikufunguka, kwa sababu nazo zilipitia kiungo kilekile. Slack waliyaandika haya wenyewe hadharani, na ni moja ya ripoti zenye faida kubwa kwa anayetaka kujifunza kazi hii.

Turudi kwenye tokeni. Vipimo vimeshajibu ni lini, kwa nani na kwa kiasi gani. Haviwezi kusema ni wapi hasa ndani ya safari ya ombi sekunde saba zimekwenda. Hilo ni swali la nyayo.

Mwaka 2010 Google ilichapisha maelezo ya chombo chake kiitwacho Dapper, na vyombo vingi vya leo, kama Zipkin iliyotoka Twitter na Jaeger iliyotoka Uber, vimefuata njia hiyo. Wazo lake ni jepesi. Ombi linapoingia kwenye seva ya kwanza linapewa namba ya kipekee, na kila seva inayolipokea inaipeleka namba hiyo mbele pamoja na ombi. Siku hizi kuna kiwango cha kimataifa cha namna ya kuiandika, na kwenye ombi huonekana hivi:

```
traceparent: 00-4bf92f3577b34da6a3ce929d0e0e4736-00f067aa0ba902b7-01
```

Sehemu ndefu ya kati ndiyo namba ya safari nzima, na ile fupi inayoifuata ni namba ya hatua moja ndani yake. Kila hatua huandika ilianza saa ngapi na iliisha saa ngapi. Chombo hukusanya vipande hivyo na kuvichora kama mistari ya urefu tofauti, mmoja chini ya mwingine.

Mhandisi anachagua ombi moja la kununua lililochukua sekunde 7.4 na kulifungua. Kuandika manunuzi kwenye hifadhidata kumechukua milisekunde 12. Kuthibitisha mwishoni, milisekunde 8. Kuita kampuni ya ujumbe mfupi, sekunde 2.5. Na kabla ya hayo yote upo mstari mrefu kuliko mingine, sekunde 4.7, wenye jina la kusubiri muunganisho wa hifadhidata. Kuna kazi nyingine ndogondogo zinazojaza zilizobaki.

Wengi wakiona hivyo huikimbilia hifadhidata na kuilaumu. Lakini hifadhidata imejibu kila swali ndani ya milisekunde chache. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia.

Programu haifungui muunganisho mpya na hifadhidata kwa kila mteja, kwa kuwa kufungua ni ghali. Huweka akiba ya miunganisho iliyo wazi tayari, na kila ombi huazima mmoja, likamaliza shida yake, likarudisha. Ni kama benki yenye madirisha 20: idadi ya wateja wanaohudumiwa kwa dakika inategemea kila mmoja anakaa dirishani kwa muda gani, na mteja anayelishika dirisha huku akiongea na simu anawachelewesha wote walio nyuma yake. Seva ya mfano wetu ina miunganisho 20. Kila ombi likiushika mmoja kwa sekunde 0.05, seva inaweza kuhudumia 20 ukigawanya kwa 0.05, yaani manunuzi 400 kwa sekunde. Yanayokuja ni 10. Nafasi ni tele.

Sasa ombi likiushika muunganisho kwa sekunde 2.7, uwezo unashuka hadi manunuzi 7.4 kwa sekunde. Yanayokuja bado ni 10. Kila sekunde inayopita inaacha watu wawili na zaidi nyuma, na foleni inarefuka mpaka igonge kikomo cha kusubiri, ambacho timu hii ilikiweka sekunde 5. Anayefika kwenye kikomo hicho anafukuzwa na kosa. Hesabu hiyo inaeleza kila kitu kilichoonekana kwenye vipimo: kusubiri kunakokaribia sekunde 5, wakataliwa 2.6 katika kila 10, na prosesa zisizo na kazi. Nadharia inayozaa namba zilezile zilizo kwenye grafu inastahili kuaminiwa zaidi ya ile inayosikika vizuri tu.

Limebaki swali la sababu. Kwa nini muunganisho unashikwa sekunde 2.7?

Mhandisi anachukua namba ya safari kutoka kwenye nyayo na kuitafuta kwenye logi. Logi za huduma hii ni maelfu kwa dakika, na kuzisoma moja moja usiku huo kungekuwa kupoteza muda. Zikiwa zimebeba namba ya safari zinapungua kuwa chache zinazohusika. Kwa maombi yaliyokataliwa anakuta mstari huu wa HikariCP, kifaa kinachosimamia akiba ya miunganisho:

```
HikariPool-1 - Connection is not available, request timed out after 5000ms (total=20, active=20, idle=0, waiting=47)
```

Maana yake ni kwamba miunganisho yote 20 imeshikwa, hakuna uliokaa bure, na maombi 47 yako kwenye foleni. Ni uthibitisho mzuri, ila aliyeshika miunganisho hiyo hakutajwa. Anayeandika malalamiko kwenye logi ni aliyekosa nafasi, na mara nyingi mkosaji mwenyewe haandiki chochote, kwa sababu kwa upande wake mambo yanakwenda. Kwa hiyo anaiuliza hifadhidata yenyewe:

```sql
SELECT pid, state, now() - xact_start AS umri
FROM pg_stat_activity
WHERE state = 'idle in transaction'
ORDER BY umri DESC;
```

Jibu linakuja na orodha ndefu. Miunganisho karibu yote iko katika hali ya `idle in transaction`: imefungua muamala wa hifadhidata, kisha haifanyi lolote. Programu imeuacha muamala wazi ikaenda kusubiri kitu kingine mahali pengine. Na nyayo zimeshaonyesha inasubiri nini kwa sekunde 2.5, ni kampuni ya ujumbe mfupi.

Anatazama orodha ya mabadiliko ya siku. Saa 6:05 mchana lilipandishwa toleo jipya. Ndani yake mtu mmoja, kwa nia njema, alihamisha kazi ya kutuma ujumbe ikawa ndani ya muamala, ili tokeni isihesabiwe kuuzwa kabla ujumbe haujatoka. Mchana huo kampuni ya ujumbe ilikuwa inajibu kwa sekunde 0.15. Muunganisho ukawa unashikwa kwa sekunde 0.2 badala ya 0.05, uwezo ukashuka kutoka manunuzi 400 hadi 100 kwa sekunde, na hakuna mteja aliyehisi. Grafu moja tu ilionyesha: mstari wa miunganisho iliyoazimwa ulipanda mara nne dakika ileile, ukabaki juu. Hakuna aliyeutazama. Saa 1:20 usiku kampuni ya ujumbe ikapunguza kasi, na kasoro iliyolala kwa zaidi ya saa saba ikaamka. Ndiyo maana kuuliza “nini kimebadilika saa 1:20?” hakukutosha. Sababu ilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya mchana.

Hapo hapo kuna kishawishi cha kuongeza miunganisho. Hesabu inasema 27 kwa kila seva ingetosha, basi kwa nini isiwekwe 30? Kwa sababu seva ni nne, na 30 mara nne ni 120, wakati PostgreSQL isiyobadilishwa mipangilio yake hukubali miunganisho 100 tu. Kuongeza seva nako hakusaidii, maana seva ya tano yenye miunganisho 20 inafikisha 100 na kuugusa ukuta huohuo. Dawa ya usiku ni kurudisha toleo la asubuhi. Toleo hilo linaandika manunuzi, linarudisha muunganisho, ndipo linatuma ujumbe. Kampuni ya ujumbe bado ni nzito, na tokeni bado zinachelewa sekunde mbili na nusu, lakini foleni inaisha ndani ya sekunde chache na hakuna anayekataliwa tena.

Dawa ya kudumu inakuja kesho yake mchana, watu wakiwa wamelala. Ujumbe unaandikwa kwanza kwenye jedwali la vinavyosubiri kutumwa, katika muamala uleule wa manunuzi, na programu nyingine inausoma na kuutuma kwa wakati wake. Hilo linatimiza nia ya yule aliyebadilisha, tena kwa usalama zaidi: katika namna yake, ujumbe ungeweza kumfikia mteja halafu muamala ushindwe sekunde ya mwisho, na mtu akabaki na tokeni ambayo hifadhidata haiitambui. Simu ya kwenda kampuni ya nje inawekewa kikomo cha kusubiri kilicho kifupi. Na kila kubonyeza kunapewa namba yake, ili mteja aliyebonyeza mara mbili asiuziwe mara mbili.

Vyombo hivi vina mipaka, na mhandisi anayeisahau hupotea. Nyayo ni data nyingi mno, kwa hiyo kampuni nyingi huhifadhi sehemu tu. Dapper ya mwanzo ilihifadhi moja katika kila safari 1,024. Kwa huduma ya maombi mamilioni hiyo inatosha, ila kwa tatizo linalompata mteja mmoja katika elfu kumi, uwezekano wa kuikuta nyayo yake ni mdogo sana. Dawa inayotumika sana ni kusubiri safari iishe kabla ya kuamua, na kuhifadhi zote zilizochelewa au kushindwa pamoja na chache za kawaida za kulinganisha.

Mpaka wa pili ni wa mahali. Nyayo huanza pale ombi linapoingia kwenye seva ya kwanza. Yaliyotokea kabla ya hapo hayamo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazoihudumia Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukawa mzito au ukapotea katika nchi kadhaa, Tanzania na Kenya zikiwamo. Kwa huduma iliyopangishwa seva zake Ulaya, grafu za ndani siku kama hiyo zinaweza kuonekana nzuri ajabu: maombi yanayofika yanajibiwa upesi, makosa hakuna. Dalili pekee upande wa seva ni kwamba maombi yamepungua, na kengele nyingi hutegwa kwa maombi yanayozidi, si yanayopungua. Kwa hiyo timu zinazohudumia ukanda huu huweka vipimo upande wa pili pia. Programu iliyo kwenye simu ya mteja hupima muda tangu kidole kiguse kitufe hadi jibu lionekane, na hutuma namba hizo mtandao unaporudi, zikiwa na jina la mtandao wa simu na mji. Vilevile mashine ndogo huwekwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kujaribu kununua tokeni ya majaribio kila dakika. Zote tatu zikichelewa wakati seva za Ulaya zinasema zimejibu kwa sekunde 0.1, mhandisi anaachana na hifadhidata na kuanza kuwapigia watoa huduma wa mtandao.